Mkono Ukishuka, Mguu Hupanda: Kuitumia Pedali ya Kulia ya Piano

Msikilize mpiga piano anayeanza, awe kanisani au kwenye ukumbi wa shule, anapofika mwisho wa ubeti. Kodi ya mwisho ameipiga sawasawa na kila noti ndiyo iliyoandikwa, lakini kinachofika masikioni ni mvurugo. Ndani ya kodi hiyo bado mnasikika ile iliyotangulia, na pengine hata ya kabla yake. Vidole havina kosa. Kosa limo mguuni, kwenye pedali ya kulia: ama ilikanyagwa mwanzoni mwa mstari ikasahauliwa, ama iliachiwa kwa kuchelewa, ama iliachiwa na kukanyagwa tena upesi mno, kabla sauti ya zamani haijafa.

Walimu wengi wa piano hutumia miaka kuvifundisha vidole, kisha mguu wakauacha ujifundishe wenyewe. Matokeo yake ni wapigaji wenye mikono mizuri na sauti chafu. Ninaposema kodi nina maana ya noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja, kama do, mi na so. Makala hii inahusu mahali ambapo kodi moja inaiachia nafasi nyingine, kwa sababu hapo ndipo pedali hupendeza au huharibu.

Kwanza tuufungue mfuniko wa piano tuone kinachotendeka. Ukibonyeza kibonyezo kimoja, mambo mawili hutokea. Nyundo ndogo iliyovikwa felti hurushwa na kuzigonga nyaya, na wakati huohuo kipande kingine chenye felti laini, ambacho mafundi hukiita dampa, hunyanyuka kutoka kwenye nyaya hizohizo. Dampa kazi yake ni kunyamazisha. Kila inapolala juu ya waya, waya hauwezi kutikisika. Inabaki juu kwa muda wote ambao kidole chako kimekishikilia kibonyezo, na ukikiachia inarudi chini na sauti inakatika. Vibonyezo vya juu kabisa, vile vyenye sauti nyembamba, havina dampa kwa sababu nyaya zake fupi hunyamaza zenyewe haraka.

Pedali ya kulia inazinyanyua dampa zote kwa mpigo mmoja. Ukiikanyaga, nyaya zote za piano huwa huru, zile ulizozipiga na zile ambazo hukuzigusa. Kwa hiyo hukupata tu sauti iliyorefuka, umepata pia sauti iliyonenepa, kwa kuwa nyaya zisizopigwa huanza kutikisika kwa kuitikia zile zilizopigwa. Jambo hili unaweza kulithibitisha bila pedali. Bonyeza C ya katikati polepole sana mpaka ishuke bila kutoa sauti, kisha uishikilie hapo. Sasa ipige kwa nguvu C iliyo oktava moja chini yake na uiachie mara moja. Ile ya chini itakatika, lakini C ya katikati, ambayo nyundo haikuigusa, utaisikia ikiimba kwa sauti ndogo. Ukikanyaga pedali, mwitikio wa namna hiyo hutokea kwenye piano nzima.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Pedali haichagui. Huhifadhi noti nzuri na noti mbaya vilevile, na haina njia ya kujua kwamba wimbo umehama kutoka kodi moja kwenda nyingine. Wa kujua hilo ni sikio lako, na wa kulitekeleza ni mguu.

Mwanafunzi akiambiwa aibadilishe pedali kwenye kila kodi, anachofanya kwa kawaida ni kukanyaga pamoja na mikono: mikono inashuka na mguu unashuka. Inaonekana ni jambo la asili, kama kupiga hatua kwa kufuata ngoma. Lakini fikiria kinachotokea. Ili mguu uweze kushuka pamoja na kodi mpya, lazima uwe umepanda kabla yake. Ukipanda kabla, dampa zinalala, kodi ya zamani inakatika, na kati ya kodi mbili panabaki shimo la kimya. Wimbo unakuwa wa kukatikakatika. Mwanafunzi akilisikia shimo hilo hujaribu kuliziba kwa kuchelewa kuachia, na akichelewa, mguu unashuka tena kabla ya dampa kugusa nyaya vizuri. Ametoka kwenye shimo ameingia kwenye mvurugo.

Dawa yake ni kuvitenganisha viungo hivyo viwili. Mikono ikishuka, mguu hupanda. Kodi mpya ikishasikika, mguu hushuka tena. Yaani pedali haikanyagwi pamoja na kodi, inakanyagwa baada yake, na inaachiwa katika nukta ileile ambayo kodi inayofuata inagongwa.

Sababu ya kufaa kwake ni ya kiufundi kabisa, na mtu akiielewa hasahau tena. Unapobonyeza kodi mpya, vidole vyako vyenyewe vimeshazinyanyua dampa za noti hizo. Ukiachia pedali katika nukta hiyo, dampa nyingine zote zinaanguka na kuizima kodi ya zamani, lakini za kodi mpya haziwezi kuanguka kwa sababu vidole vimezishikilia. Kwa hiyo ya zamani inakufa palepale ya mpya inapozaliwa, na msikilizaji haoni mshono. Kisha, wakati vidole vingali chini, mguu unakanyaga tena na kuikamata kodi mpya peke yake. Baada ya hapo mikono iko huru kuondoka kwenda kuitafuta kodi inayofuata, maana sauti sasa imebebwa na pedali.

Katika maelezo hayo mna masharti mawili kwa vidole. Vidole vya kodi mpya visiondoke kabla mguu haujakanyaga, la sivyo pedali itakuta kimya na haitakuwa na cha kukamata. Na vidole vya kodi ya zamani viwe vimeshaondoka kabla pedali haijaachiwa. Kidole kimoja kikibaki kwenye noti ya zamani, dampa yake itabaki juu, na pedali ikikanyagwa tena itaikamata noti hiyo pamoja na mpya. Mara nyingi mtu huulaumu mguu kwa mvurugo uliosababishwa na kidole gumba kizito.

Mguu nao una namna yake ya kukaa. Kisigino kinatua sakafuni na hakinyanyuki tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kinachokaa juu ya pedali ni ile sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya kidole gumba, na mwendo wote unatoka kwenye kifundo. Wayo hauachani na pedali hata inapokuwa juu kabisa. Ukiuinua kisha ukautua tena, utasikika mgongano wa kiatu, na dampa zitaruka kwa kishindo na kuzifanya nyaya zote zitoe mvumo. Kanyaga polepole mara moja usikilize: mwanzoni pedali inashuka kidogo bila kufanya chochote, halafu unafika mahali ambapo dampa zinaanza kuachana na nyaya. Kazi yote ya kubadilisha hufanyika kwenye eneo hilo dogo. Hakuna haja ya kukanyaga mpaka chini kabisa kila mara, lakini ni lazima kuachia mpaka juu kabisa, maana dampa inayogusa waya nusunusu haizimi.

Sasa tuchukue mfano ulio mikononi mwa kila mpiga kinanda: mwendo wa do, fa, so, kisha kurudi do, unaofunga nyimbo nyingi za kanisani. Tuweke do iwe C. Kodi ya kwanza, mkono wa kushoto unapiga C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati, na wa kulia unapiga E, G na C. Ya pili, kushoto inashuka hadi F iliyo chini ya C hiyo, kulia F, A na C. Ya tatu, kushoto inapanda hatua moja hadi G, kulia D, G na B. Ya nne ni ileile ya kwanza.

Hesabu kwa sauti, taratibu, moja hadi nne kwa kila kodi, kasi ya saa ya ukutani ikitosha. Kwenye “moja” ya kodi ya kwanza piga, bila pedali. Kwenye “mbili” kanyaga. Kwenye “tatu” ondoa mikono kabisa, sauti inaendelea. Kwenye “nne” iweke mikono juu ya vibonyezo vya kodi ya pili bila kuvibonyeza. Kwenye “moja” mikono inashuka na mguu unapanda, vyote kwa pamoja. Kwenye “mbili” mguu unashuka. Endelea hivyo hadi mwisho. Mwanzoni mwili utapinga, mguu utataka kuifuata mikono. Ikiwa hivyo, acha kodi, chukua kidole kimoja tu, upande nacho do, re, mi, fa kwa hesabu ileile, noti moja baada ya nyingine. Kidole kimoja hakiwezi kuunganisha noti mbili, kwa hiyo ukisikia noti zimeungana bila shimo na bila kupandana, ujue ni mguu uliofanya hivyo.

Hizo kodi nne nimezichagua kwa sababu kila mpito una tabia yake. Kutoka C kwenda F, kodi zote mbili zina noti C, na hiyo ikibaki haidhuru. Zinazodhuru ni E na G zikibaki chini ya F na A, hasa E, iliyo nusu hatua tu kutoka F. Kutoka F kwenda G ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kodi hizo hazina noti hata moja ya pamoja. Zikipandana unapata noti sita kati ya saba za skeli, zote zikilia kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kama mpigaji anajua kubadilisha pedali, msikilize pale fa inapoiachia so.

Mpito wa mwisho una hatari ya aina nyingine, iliyojificha. Kutoka G kurudi C, noti B ikibaki itagongana na C, na hilo sikio hulikamata haraka. Lakini pia kuna ile G ya mkono wa kushoto, ambayo iko chini ya C ya besi. G ni noti halali ya kodi ya C, hivyo ikibaki hapatakuwa na mgongano. Ila sasa noti ya chini kabisa unayoisikia si C tena, ni G, na kodi ambayo ilipaswa kutua inabaki kama inayoning’inia, kana kwamba wimbo haujamalizika. Waimbaji huhisi kuna kitu hakikufika nyumbani bila kujua ni nini.

G hiyo hubaki mara nyingi kuliko noti nyingine kwa sababu ya ukubwa wa waya wake. Nyaya za besi ni ndefu, zimezungushiwa shaba, na zikishaanza kutikisika dampa huhitaji muda kuzituliza. Nyaya za katikati na za juu hunyamaza mara dampa inapozigusa, za besi hazifanyi hivyo. Ndiyo maana mguu unaopanda na kushuka kwa haraka kama kupepesa jicho unaweza kuisafisha sauti ya mkono wa kulia na kuiacha besi ya zamani ikivuma. Kadiri besi ilivyo ya chini na kadiri ilivyopigwa kwa nguvu, ndivyo pedali inavyopaswa kukaa juu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukanyagwa tena. Huu si muda wa kuhesabu. Unasikiliza mpaka ya zamani iishe, ndipo unakanyaga.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama umefanikiwa. Piga kodi mbili kwa pedali kama tulivyoeleza, kisha baada ya kukanyaga kwa kodi ya pili, ondoa mikono yote na usimame hapo, mguu ukiwa chini. Sikiliza kinachobaki. Kama zinasikika noti za kodi ya pili tu, uko sawa. Kama imo noti ya zamani, itafute: ikiwa ni ya besi, ulikanyaga mapema, ikiwa ni ya katikati, huenda kidole kilichelewa kutoka, na kama kodi yote ya zamani imo, hukuachia pedali mpaka juu. Ukikuta kodi mpya imepungukiwa na noti, hasa besi, basi kidole kiliondoka kabla ya mguu kukanyaga. Kosa hilo la mwisho huwapata sana wenye kurukaruka kwa mkono wa kushoto, wanaoipiga besi na kukimbilia kodi iliyo juu yake kabla pedali haijaikamata.

Wakati mwingine kosa si lako. Ukiachia pedali na noti moja ileile ikaendelea kulia kila mara, dampa yake imepinda, imekwama au felti yake imekuwa ngumu. Ukisikia mlio kama wa nyuki kila dampa zinapogusa nyaya, hiyo nayo ni felti iliyochakaa. Na ikiwa piano nzima haisafiki hata mguu ukiwa juu, mara nyingi fimbo inayounganisha pedali na dampa imekazwa kupita kiasi, na fundi hurekebisha nati yake kwa dakika chache. Pwani, ambako unyevu huvimbisha mbao na kutia nyaya kutu, ni vizuri kuyakagua haya kabla ya kumkemea mwanafunzi.

Swali la lini ukanyage lina jibu fupi kuliko la namna ya kubadilisha. Kanyaga pale vidole vinapohitaji kuondoka na sauti inahitaji kubaki, au pale sauti inapokuwa kavu nawe unaitaka inenepe. Badilisha kila kodi inapobadilika, na usipoijua kodi, fuata besi: ikihama, nawe badilisha. Sauti ya juu inayopita kwa hatua, fa kwenda so kwenda la, inaweza kuvumiliwa ndani ya pedali moja kwa sababu hufifia haraka, hasa ikipigwa kwa upole. Besi ikitembea kwa hatua namna hiyohiyo haivumiliki, na hapo ni bora kuiacha pedali kabisa na kuunganisha kwa vidole. Na palipoandikwa kimya, mguu nao uwe juu. Kuinua mikono na kuiacha pedali chini si kunyamaza.

Tukitaka kuona maamuzi haya yakifanywa katika kazi halisi, tuitazame sonata ya Beethoven iliyochapishwa Vienna mwaka 1802, opasi 27 namba 2, ambayo dunia imezoea kuiita Sonata ya Mbalamwezi. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza aliandika kwamba sehemu nzima ipigwe kwa ulaini mkubwa na bila dampa, yaani dampa zikiwa zimenyanyuliwa. Mtu akiifuata amri hiyo neno kwa neno kwenye piano kubwa ya leo, atazama. Piano za enzi ya Beethoven zilikuwa na fremu ya mbao, nyaya nyembamba na sauti iliyofifia mapema, kwa hiyo kodi ya zamani ilikuwa imekwishapungua mpya ilipoingia. Kwenye baadhi ya piano za wakati huo hata hapakuwa na pedali ya mguu. Dampa zilinyanyuliwa kwa wenzo uliosukumwa na goti, kifaa ambacho Mozart alikisifu katika barua yake ya mwaka 1777 baada ya kujaribu piano za Stein mjini Augsburg. Carl Czerny, aliyekuwa mwanafunzi wa Beethoven, alishauri kwamba katika sehemu hii pedali ichukuliwe upya kila besi inapobadilika, na ushauri huo ungali unafaa.

Taya ya kwanza ina besi moja, C-shapu, na juu yake mkono wa kulia unazungusha noti tatutatu: G-shapu, C-shapu, E. Pedali moja inatosha taya nzima. Taya ya pili mkono wa kulia haubadiliki hata kidogo, lakini besi inashuka hadi B. Wengi hawabadilishi hapa kwa kuwa kulia hakujahama. Wabadilishe, maana C-shapu ya chini ikibaki inaifunika hatua hiyo ya kushuka, na kushuka huko ndiko kunakoanza kuubeba wimbo. Taya ya tatu ina besi mbili, A kisha F-shapu, hivyo pedali hubadilika mara mbili.

Taya ya nne ndiyo mtihani. Besi inapigwa mara mbili, na mara zote ni G-shapu. Ukifuata besi peke yake utabadilisha mara mbili, lakini mkono wa kulia unageuza kodi kwenye kila pigo. Kwenye pigo la kwanza imo B-shapu, ambayo kwenye piano ni kibonyezo kilekile cha C, na kwenye la pili inaingia C-shapu, nusu hatua juu yake. Mimi hubadilisha mara nne hapo. Inawezekana bila kuipoteza besi kwa sababu vidole vya kushoto vinaishikilia G-shapu kwa mapigo mawili kama ilivyoandikwa. Dampa zake haziwezi kuanguka pedali ikiachiwa. Mabadiliko ya katikati yawe madogo, pedali ikipanda kiasi cha kuisafisha sauti ya kati bila kuikausha yote. Katika taya zote hizi, mguu hushuka baada ya noti ya kwanza ya kila kundi kugongwa, kidole cha besi kikiwa bado chini. Kidole kikiteleza kutoka kwenye ile oktava ya kushoto kabla ya hapo, taya nzima inabaki bila sakafu.

Wengi wa wasomaji wangu hawapigi piano ya nyaya, wanapiga kibodi ya umeme yenye pedali ndogo ya kuchomeka nyuma. Mwendo ni uleule, mkono chini mguu juu, ila kuna tofauti zinazopaswa kujulikana. Pedali nyingi za bei nafuu zina hali mbili tu, kuwaka na kuzima, kwa hiyo yale mabadiliko madogo niliyoyasema kwenye taya ya nne hayatafanyika. Itakubidi uachie kabisa. Kwa upande mwingine, besi ya kibodi hukatika upesi zaidi kuliko ya nyaya, na mtu aliyejifunzia hapo akikalia piano halisi atakanyaga mapema mno. Pedali yenyewe ni nyepesi na huteleza sakafuni, hivyo iwekewe mkeka wa mpira au iegemezwe ukutani. Ikitokea inafanya kazi kinyume, sauti ikirefuka mguu ukiwa juu na kukatika ukikanyaga, haijaharibika. Zima kibodi, chomeka pedali, usiikanyage, kisha washa. Kibodi nyingi huisoma hali ya pedali wakati wa kuwaka. Pedali nyingine zina swichi ndogo pembeni au chini yake kwa ajili hiyohiyo.

Lililo kubwa zaidi ni sauti uliyoichagua. Sauti ya piano, hata ya umeme, hufifia yenyewe, na kufifia huko husamehe makosa mengi. Sauti ya ogani haififii, na ya fidla mara nyingi vivyo hivyo. Ukikanyaga pedali, kila noti uliyoigusa inabaki na nguvu ileile mpaka uachie, na kuchelewa ambako kwenye piano kungekuwa doa dogo kunakuwa kodi mbili kamili zinazopigana. Wapigaji wa kwaya hupenda kuchanganya piano na fidla kwa pamoja, na hapo sikio huisikia piano iliyo safi bila kugundua kwamba chini yake fidla zimeshikana. Ukiwa na sauti hizo, angalia kama kibodi yako inakuruhusu kuiondolea pedali sauti ya fidla na kuiachia piano pekee. Nyingi za kisasa zinaruhusu. Kama hairuhusu, ondoa mguu, na noti ya pamoja kati ya kodi mbili ishikiliwe na kidole. Kutoka do kwenda fa, acha kidole juu ya C bila kukiinua huku vingine vikihama. Kutoka fa kwenda so hakuna cha kushikilia, kwa hiyo chagua noti zilizo karibukaribu, C ishuke B, A ishuke G, F ishuke D, na uzihamishe zote kwa pamoja bila haraka.